"Wataalamu Wote" Ni Akina Nani?

Ninaposoma rasimu za tasnifu, sentensi inayonisimamisha mara nyingi ni ile inayodai kwamba wataalamu wote wanakubaliana juu ya jambo fulani, kisha mwishoni yakatajwa machapisho mawili tu. Sibishani na dai lenyewe, kwani huenda ni kweli. Ninachouliza ni nani aliyewahesabu hao wote.

Hata pale ambapo makubaliano yapo kweli, kauli ya jumla hupotosha. Mwaka 2013, John Cook na wenzake walichapisha uchambuzi wa ikisiri 11,944 za makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi, zilizotoka kati ya 1991 na 2011. Matokeo yake hunukuliwa kwamba asilimia 97 ya wanasayansi wanakubali kuwa binadamu ndiye anayesababisha ongezeko la joto duniani. Ukiusoma uchambuzi wenyewe, utakuta kwamba asilimia 66.4 ya ikisiri hizo hazikutaja msimamo wowote kuhusu chanzo, na 32.6 ziliunga mkono. Ile 97.1 imetokana na zile zilizotaja msimamo peke yake, na kilichohesabiwa hapo ni ikisiri, si watu. Anayeandika "kati ya ikisiri zilizotaja msimamo, asilimia 97.1 ziliunga mkono" amesema kweli tupu bila kulidhoofisha dai lake. Kinyume chake, anayedai kwamba ni theluthi moja tu wanaokubali anakosea vilevile, kwa sababu ukimya wa ikisiri si upinzani: mtafiti anayepima barafu hana haja ya kutangaza msimamo wake kuhusu chanzo cha joto.

Tuseme basi umesoma makala 18, ambazo 11 kati yake zinaunga mkono hoja yako, tatu zinaipinga na nne zinaitaja tu bila kuipima. Hizo nne usiziingize upande wowote. Kisha zikague zile 11, maana mara nyingi utagundua kwamba tano zimeandikwa na timu moja kwa kutumia data ileile, na ushahidi unaojirudia si ushahidi mpya. Sentensi ya haki itakuwa hivi: "Kati ya makala 14 zilizoipima hoja hii, 11 ziliiunga mkono, ingawa tano kati ya hizo zinatumia data moja, na tatu ziliipinga." Ni ndefu, nakubali, na msimamizi asiye na subira ataikunjia uso, lakini msomaji anaweza kuihakiki.

Je, kama hukukuta hata moja inayopinga? Andika kwamba hukuikuta, kisha taja ulikotafuta: kanzidata gani, maneno gani ya utafutaji, miaka ipi na lugha zipi. Aliyetafuta kwa Kiingereza peke yake hajui kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kichina.