Pole ya Kukonda

Leo asubuhi nimepewa pole na fundi cherehani. Sijafiwa, sijaibiwa, sijavunjika mguu. Nimempelekea suruali tatu anipunguzie kiuno. Akazishika, akanitazama, akazitazama tena suruali, kisha akashusha sauti kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya msiba: "Pole sana, bosi. Ni maradhi au ni madeni?"

Nikamwambia si maradhi wala madeni, nimeamua kupungua mwenyewe. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemwonea huruma mgonjwa asiyetaka kukubali ugonjwa wake. Akanishauri tusikate kitambaa, akunje tu kwa ndani, "maana Mungu akijalia utarudi." Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikakubali. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka saa hizi.

Maana nilipokuwa na kitambi, ndugu zangu, nilikuwa mheshimiwa. Sikuwa na cheo, sikuwa na akiba, lakini nilikuwa na kitambi, na kitambi kilinitangulia kila mahali kama msafara. Nikifika kwenye shughuli naletewa kiti chenye mikono. Dereva ananiita bosi. Watu nisiowajua wananiomba mkopo. Mfukoni hakuna kitu, lakini tumbo linasema kipo, na watu wanaliamini tumbo. Leo nimepungua kilo 7 na nusu, hata mlinzi wa kazini ananiuliza ninamtafuta nani.

Nilianza nikiwa na kilo 94. Daktari alinipima presha siku mbili tofauti, zote mbili ikasoma juu ya 145, akaniambia nisimame wima. Akatafuta ubavu wangu wa mwisho kwa kidole (alichukua muda kuupata), akatafuta na mfupa wa nyonga, akazungusha futi katikati yake. Mimi nikavuta tumbo ndani kwa heshima zote. "Toa pumzi, mzee," akasema, "hapa hatupigi picha." Nikatoa. Sentimita 108. Akaniuliza urefu wangu, nikamwambia 172. Akasema kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwa hiyo mwisho wangu ni 86. Kwa maneno mengine, ile heshima yangu yote ilikuwa sentimita 22 za ziada.

Tukakubaliana nusu kilo kwa wiki. Si kufunga, si kunywa majani machungu. Nipunguze kama kalori 500 kwa siku, zinazotoka hasa kwenye mafuta ya kupikia, sukari ya chai na ile sahani ya pili. Nile nyama, mayai au maharage ya kutosha, ninyanyue vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki ili kinachoondoka kiwe mafuta na si msuli. Wiki 15 zimepita, hesabu imekubali. Kiuno ni 100. Presha imeshuka mpaka 130 na kitu. Nilitegemea pongezi.

Badala yake nikaitwa na shangazi.

Shangazi hakupiga simu kuuliza. Aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu aliyeniona kwa mbali nikivuka barabara, akaagiza Jumapili nifike bila kukosa. Nikafika na mama watoto. Ndani nikamkuta baba mdogo, wajomba wawili na mzee mmoja ambaye mpaka leo sijui tunahusianaje. Wote kimya. Kikao kilikuwa kimeshaanza na ajenda ni shingo yangu.

"Baba," shangazi akaanza, na akisema hivyo kwa upole ujue mambo ni mazito, "hebu geuka." Nikageuka. "Geuka tena." Nikageuka tena. Mmoja wa wajomba akaguna. Yule mzee akasema, "Nyuma pameisha kabisa."

Likafuata swali la kwanza: kazi ipo? Ipo. La pili: kuna mtu ananidai? Hapa nikasita, na kusita kukaandikwa rohoni. La tatu hakuniuliza mimi, alimgeukia mama watoto: "Mwanangu, nyumbani kunapikwa?" Hebu niambieni, mwanamke wa watu anajibuje swali hilo? Akisema kunapikwa, basi hapikii kwa moyo. Akisema mume ndiye anayekataa, basi ana lake jambo. Akanitazama kwa jicho ambalo nalijua, lile la "tutaongea nyumbani."

Nikaeleza habari ya daktari. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainama karibu na kuuliza kwa sauti ya chini iliyosikika hadi uani: "Lakini umepimwa? Umepimwa *vyote*?"

Hapo sikumcheka, na msimcheke. Sote tunajua enzi zile kukonda kulimaanisha nini, na shangazi aliuguza watu wawili kwa mikono yake. Hata daktari aliniambia kwamba anayepungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia inafaa achunguzwe, maana huenda ni sukari, ni kifua, ni kitu kingine kibaya. Tofauti ni hapo kwenye kukusudia. Mgonjwa hamu ya kula imemkimbia, au anakula vizuri na bado anapungua. Mimi hamu ninayo, naiota usiku, na najua kila kijiko nilichokiacha. Nikamwambia, "Shangazi, nimepimwa vyote, ni mzima. Kupimwa ndiko kulikoniambia nipungue." Akashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Basi kama ni mzima," akasema, "ule."

Sahani ikaja. Mimi nasema sahani kwa mazoea tu, lile lilikuwa sinia. Wali ulikuwa unang'aa, na wali haung'ai wenyewe. Mchuzi ulikuwa na bwawa la mafuta juu ambalo ungeweza kujitazamia uso. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, yaani kama dakika 20 hadi 25 za kutembea haraka kwa mtu wa uzito wangu, na shangazi hapimi mafuta kwa kijiko, anapima kwa mapenzi. Nikaanza na nyama na mboga, nikatafuna polepole kama mbuzi mwenye mawazo, nikaukwepa wali pembeni. Kosa langu lilikuwa lile la kila mtu: nikamaliza kilichokuwa mbele yangu. Kwa shangazi sahani tupu si dalili ya shibe, ni ombi. Akaongeza. Nikasema nimeshiba. Akasema mwili haujengwi kwa matofali. Nikasema asante. Akasema marehemu baba yangu alikuwa na mwili, watu wakimwona wanajua yule ni mtu. (Marehemu baba yangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 58 kwa ajili ya presha, lakini pale hapakuwa mahali pa kulisema, na nadhani shangazi alilikumbuka mwenyewe, maana alinyamaza kidogo akakoroga chai.)

Sinia la pili sikulimaliza. Niligundua kwamba ukibakiza chakula kidogo na kuendelea kukigusagusa, ukizungumza, hakuna anayekuongezea. Hilo nawapa bure.

Jumatatu asubuhi nikapanda mizani: kilo 88 na gramu 300. Jumamosi ilikuwa 86 na nusu. Karibu kilo 2 kwa chakula cha siku moja! Nikakaa kitandani na taulo langu nikajiona mjinga. Wiki 15 za njaa, na shangazi amezifuta kwa mwiko.

Ila mimi nikikasirika huwa napiga hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili ninenepe kilo 1 na gramu 800 za mafuta kwa siku moja, ningehitaji karibu kalori 14,000 juu ya zile mwili unazotumia. Hiyo ni sawa na kunywa zaidi ya lita moja na nusu ya mafuta ya kula baada ya kushiba. Shangazi ana uwezo mkubwa, lakini si huo. Kilichoongezeka ni maji yaliyoshikwa na chumvi ya mchuzi, maji mengine yanayoambatana na wanga uliohifadhiwa mwilini, na chakula chenyewe ambacho kilikuwa bado safarini. Kweli yake ni hivi: siku 6 nilipunguza kalori 500 kila siku, jumla 3,000. Jumapili nikazidisha, tuseme, 1,500. Wiki ikabaki na upungufu wa 1,500, kama gramu 200 za mafuta. Kidogo, lakini ni upungufu. Alhamisi mizani ikasoma 86 na gramu 400. Tangu hapo napima kila asubuhi na kuangalia wastani wa wiki, sigombani na namba ya siku moja.

Ningempelekea shangazi hesabu hii, angeniuliza kama nimeanza kuongea peke yangu.

Wengine siwahesabu. Jirani ameniletea jina la mtaalamu wa kuondoa husuda. Rafiki mmoja anasema uso umezeeka, na hilo ni kweli, mashavu yamekwenda kabla ya tumbo, maana mwili haukuulizi uanzie kupungua wapi, na kitambi kinafichwa na shati lakini uso utauficha na nini? Mdai wangu mmoja, aliyekuwa amenyamaza tangu mwaka jana, amekuja mara mbili wiki hii. Ananitazama kifuani napumuaje. Anataka chake kabla sijamfia. Wanaoniomba mkopo, lakini, wamepungua kabisa, na hiyo nafuu hata daktari hakunitajia.

Suruali nitazifuata Jumamosi, zimekunjwa kwa ndani, kitambaa cha ziada kikiningoja kama ndugu aliyeahidiwa kwamba nitarudi. Kwa sasa natumia mkanda. Mkanda wenyewe matundu yameisha, ncha inaning'inia mbele kama ulimi wa mbwa, na kila ninayekutana naye anautazama huo ulimi kwanza halafu ananipa pole. Nimetafuta msumari nitoboe tundu jingine, nimepekua nyumba nzima, hakuna. Namwuliza mama watoto misumari ilikuwa kopo zima, imekwenda wapi? Ananijibu bila hata kugeuka: imo yote kwenye kile kiti, kile nilichokivunja nilipokuwa mheshimiwa.