Angani Hakuna Kioo

Katika madaftari ya wanafunzi ninaowasaidia fizikia hapa Moshi nakuta mchoro uleule kila mwaka. Mnara uko chini, mstari umenyooka kwenda juu, unagonga ionosfea, sehemu ya juu ya angahewa, iliyochorwa bapa kama bati, unadunda na kushukia kwenye redio. Naomba tuuache mchoro huo. Ni kweli wimbi linarudi, lakini sababu imefichwa, na aliyeuzoea hukwama kwenye swali dogo: kama juu kuna kioo, mbona mawimbi ya FM hayarudi?

Tuanze na kilichoko kule. Kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu, miale ya urujuanimno na eksirei ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa. Zinabaki elektroni huru katikati ya ioni nzito zenye chaji chanya. Ukizisogeza elektroni hizo kidogo, ioni huzivuta zirudi. Zikifika mahali pake zinapitiliza, zinavutwa tena, na hivyo zinacheza kama bembea. Idadi ya michezo hiyo kwa sekunde ndiyo masafa ya plazma, na yanategemea msongamano wa elektroni tu:

fp ≈ 9√N

N ni idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo, na jibu linatoka kwa hezi. Adhuhuri, tabaka la juu kabisa, liitwalo F, linaweza kuwa na elektroni 10^12 kwa mita ya ujazo. Kipeuo chake ni milioni moja, kwa hiyo fp ni megahezi 9.

Sasa wimbi la redio likifika, uga wake wa umeme husukuma elektroni upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapa ndipo ningependa mwalimu atulie. Wimbi la masafa ya chini hugeuka polepole, kwa hiyo kila msukumo unadumu, elektroni zinapata muda wa kushika kasi, na mkondo zinaoutengeneza ni mkubwa. Mkondo huo hupingana na badiliko la uga ambalo ndilo linalolisogeza wimbi mbele. Masafa yakiwa chini ya fp, upinzani unashinda na wimbi haliwezi kuendelea. FM, yenye megahezi 88 hadi 108, hugeuka upesi mno. Elektroni hazijasogea sana tayari msukumo umegeuka, na wimbi linapita hadi anga za mbali.

Tena wimbi haligongi kitu. Msongamano huongezeka taratibu kadiri linavyopanda, nalo linapinda kidogo kidogo mpaka linageuka kurudi.

Babu yangu kule Kibosho alikuwa na redio ya masafa mafupi. Akiamka alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, stesheni za karibu zimezama, za mbali ndizo zinaongea." Nilidhani redio imechoka. Tuipige hesabu.

Chukua mtambo ulioko Dar es Salaam, kama kilomita 440 kutoka Moshi, unaorusha kwa megahezi 7.2. Ili litue Moshi, wimbi linageukia katikati ya safari. Tuseme kilomita 300 juu. Linapanda likiwa limeinama nyuzi 36 hivi kutoka wima. Wimbi lililoinama huhitaji fp ndogo zaidi kugeuka: unazidisha masafa yake kwa kosaini ya pembe hiyo, unapata 5.8. Mchana fp ni 9, linarudi. Lakini usiku jua halitengenezi elektroni mpya, zilizopo zinaungana tena na ioni, na saa kumi alfajiri msongamano unaweza kuwa umeshuka hadi 10^11. Hapo fp ni 2.8 tu, na wimbi la Dar linatoboa linakwenda zake. La kutoka mbali hupanda kwa mlazo zaidi. Kwa nyuzi 70, 7.2 inakuwa 2.5, na hilo linageuka. Kwa hesabu hii, mtambo wowote ulio karibu kuliko takriban kilomita 1,400 hausikiki kupitia angani saa hiyo. Babu alikuwa sahihi kabisa.

Kanuni hii ina mpaka wake. Mawimbi ya kati, ya megahezi moja hivi, yako chini kabisa ya fp ya mchana, lakini stesheni za mbali katika bendi hiyo hazisikiki hadi jua lizame. Hayo hayakutoboa. Yameishia njiani, katika tabaka D lililo chini ya kilomita 90, ambako hewa bado ni nzito kiasi: elektroni zinazotikiswa hugonga molekuli kabla ya kurudisha nishati, na wimbi linageuka joto. Tofauti utaisikia jioni. Jua likitua tabaka D hutoweka upesi, na stesheni hizo zinafufuka wakati uleule ambapo zile za karibu za masafa mafupi zinaanza kukaribia kuzama.