Asilimia 85 ya nani?

Mchambuzi anayeandika "tuliowatumia 6,000, waliojibu 240" chini ya takwimu inayosema asilimia 85 ya wateja wameridhika huonekana amekuja kutia kitumbua mchanga. Kitengo cha masoko kimeshaagiza mabango, mkurugenzi ameshaitaja ile 85 kikaoni, halafu mtu wa takwimu anauliza kama mstari wake mdogo umewekwa. Nimefanya kazi zote mbili, ya kuuza na ya kuhesabu, na hasira ya watu wa masoko naielewa. Lakini mstari ule wengi wanausoma vibaya. Wanadhani ni kujihami, kumbe ndiyo habari yenyewe.

Niutunge mfano. Kampuni ya mabasi ya mikoani inawatumia abiria 6,000 meseji baada ya safari: umeridhika au hukuridhika? Wanajibu 240, na 204 kati yao wanasema wameridhika. Hiyo ni asilimia 85. Kwa kanuni ya kawaida ya vitabuni, sampuli ya watu 240 ina kiwango cha makosa cha karibu pointi 4.5 kila upande, kwa hiyo mchambuzi anaandika kwamba ukweli uko kati ya asilimia 80 na 90. Wote wanapumua. Mia mbili na arobaini si haba, hesabu imefanyika, ripoti inakwenda kwenye bodi.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu mwangalifu, si la mdanganyifu. Kile kiwango cha makosa kimetengenezwa kwa ajili ya watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kama karatasi zinazotolewa ndani ya kofia. Hawa 240 hakuna aliyewatoa kwenye kofia, wamejitoa wenyewe. Abiria 5,760 walipata meseji ileile wakanyamaza, na kanuni haijui lolote juu yao.

Sasa tujiulize wale walionyamaza wana maoni gani. Tukisema wanafanana na waliojibu, asilimia 85 inasimama. Tukisema ni asilimia 60 tu kati yao walioridhika, hiyo ni watu 3,456. Ongeza wale 204, gawa kwa 6,000, unapata asilimia 61. Hakuna jibu hata moja lililobadilika kwenye dodoso, ila dhana yetu juu ya watu wasiojibu ndiyo imeishusha takwimu pointi 24. Mbele ya hilo, zile pointi 4.5 ni mzaha. Kwa hiyo anayeweka idadi ya waliojibu bila idadi ya walioulizwa ametoa nusu ya uaminifu, na nusu aliyoificha ndiyo nzito.

Tena kuna ambao meseji haikuwafikia kabisa. Namba za simu zimetoka kwenye tiketi zilizokatwa mapema. Aliyepandia njiani akamlipa konda hana namba kwenye mfumo. Basi lililoharibika na abiria wake wakahamishiwa gari la kampuni nyingine halihesabiwi kuwa lilimaliza safari, kwa hiyo wenye malalamiko makubwa kuliko wote hawakuulizwa.

Wakubwa nao walishaangukia shimo hili. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literari Daijesti lilituma karatasi za kura za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Ruzuveti katika uchaguzi wa urais. Ruzuveti alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. Kampuni yenye majibu 240 ikiambiwa "ongezeni sampuli" inapewa dawa ya ugonjwa mwingine.

Upande wa pili una hoja, na si zote za kukwepa. Ya kwanza ni kwamba bango husomwa na mtu aliye ndani ya daladala inayotembea. Hiyo ni kweli, lakini "asilimia 85 ya abiria 240 waliojibu, kati ya 6,000 tuliowauliza" ni mstari mmoja tu. Ya pili ni kwamba mshindani ataandika asilimia 95 bila maelezo, na mkweli ndiye atakayeonekana dhaifu. Hili halina jibu tamu. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayomtaka anayechapisha kura za maoni za uchaguzi ataje idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa, lakini sheria hiyo haigusi utafiti wa wateja. Uingereza, mwaka 2007, msimamizi wa matangazo alilizuia tangazo la Kolgeti lililosema zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza, kwa sababu madaktari hao waliruhusiwa kutaja zaidi ya dawa moja ya meno. Asilimia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jinsi swali lilivyoulizwa.

Hoja inayonisumbua ni ya tatu. Mipaka ya utafiti hutumika kwa upendeleo. Matokeo yakiwa mazuri hakuna anayeuliza sampuli. Yakiwa mabaya, meneja anagundua ghafla kwamba watu 240 ni wachache. Nimeona ripoti ya malalamiko ikizikwa kwa maneno "sampuli ndogo", na mwaka uliofuata dodoso lilelile, kwa idadi ileile, likasifiwa kwenye kalenda ya kampuni. Wanaosema tahadhari ni silaha ya wakubwa hawakosei. Dawa ninayoijua ni kuandika aya ya mipaka kabla majibu hayajafunguliwa: tuliowatumia, ambao hatukuweza kuwafikia, na idadi ambayo chini yake hatutoi asilimia kabisa.

Hiyo idadi ya chini ina maana yake. Tuseme kati ya wale 240, waliosafiri njia ya Songea ni 18, na walioridhika ni 10. Ukiandika asilimia 56, kesho dereva wa Songea yuko kwenye kikao cha nidhamu. Wawili tu wangejibu tofauti, ingekuwa asilimia 67. Andika "10 kati ya 18", na msomaji ataona mwenyewe udogo wa jambo bila kufundishwa takwimu.

Na kazi haiishii kwenye kukiri. Chukua majina 60 kwa bahati nasibu kutoka kwa wale walionyamaza, uwapigie simu. Tuseme wanapokea 50, na 33 wanasema wameridhika. Hiyo ni asilimia 66. Ukiwapa walionyamaza uzito wao, maana wao ni 96 katika kila 100, makadirio ya abiria wote yanashuka hadi karibu asilimia 67. Makadirio hayo nayo yanayumba, kwa sababu watu 50 wana kiwango cha makosa cha pointi 13. Isitoshe, abiria wetu akipigiwa na binti mwenye sauti ya heshima huona aibu kulalamika. "Tunashukuru, tulifika salama," anasema, na karani anaweka alama kwenye kisanduku cha kuridhika. Kwa hiyo hata hiyo 67 huenda imepanda kidogo kwa adabu.

Ni simu 60, kazi ya siku moja kwa karani mmoja. Kitengo cha masoko kitauliza sasa bango liandikwe 85 au 67. Mimi ningeandika "kati ya abiria 60 tuliowapigia, 50 walipokea na 33 wameridhika", na ile ya meseji ningeiacha kwenye ripoti ya ndani, pamoja na wale 5,760.