Shilingi 28,000 za Kwenye Karatasi

Jamani, hizi benki zetu za hapa Malindi zina macho ya namna gani? Leo tena kijana wa watu, mhudumu wa hoteli, kachomekea shati, kapaka mafuta, kaenda kuomba mkopo na pesilipu tatu za miezi mitatu ndani ya bahasha. Chini kabisa imeandikwa atabakiwa na 28,000. Akajisemea, nikikatwa 15,000 kwa mwezi nitaishi.

Afisa wa mikopo hata chini hakuangalia. Kaanzia juu, kalamu mkononi.

"Mshahara wa msingi 24,000. Nyumba 6,000. Hii sevisi chaji 11,000 ni nini, ndugu yangu?"

"Ni pesa za wageni, bosi. Kila mwezi zaja."

"Na mwezi wa tano, kusi likivuma na hoteli ikifungwa?"

Kimya. Kalamu ikapita juu ya 11,000, shwaa! Benki hukopesha kwa pesa ya kudumu, na sevisi chaji hupanda na kushuka na wageni, sawa na ovataimu. Basi ile 28,000 ikawa 17,000. Kijana akameza mate, akadhani yameisha.

Hayajaisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya ujira, lazima theluthi ibaki mfukoni mwako. Afisa kachukua 30,000 za kudumu, kagawa kwa tatu: 10,000 haziguswi. Toa kwenye 17,000, yabaki 7,000. Hicho ndicho kipimo chake cha marejesho. Na kama una mkopo wa sako uliokwisha kukatwa mle, usilalamike, ushajikata mwenyewe.

Halafu, ami, hapo ndipo mambo yakachacha. Afisa kafungua taarifa ya akaunti ya miezi sita. Pesilipu yasema 28,000, akaunti yaonyesha 17,000 ziliingia. Kwa nini? Kwa sababu hoteli hulipa sevisi chaji taslimu, kwenye bahasha! Kijana ajua, mhasibu ajua, hata paka wa jikoni ajua, lakini benki yaona karatasi mbili zinazotofautiana, na karatasi zikitofautiana mtu hushukiwa kughushi. Dawa yake ni barua ya mwajiri yenye muhuri, ieleze kipi hupita benki na kipi hupewa mkononi, na mkataba waisha lini, kwa maana mkopo hauwezi kuupita mkataba. Mwenye kuandika barua hiyo, bila shaka, yuko likizo Mombasa.

Sasa na wenye nyumba nao wameiga! Chumba kimoja na choo cha nje, ataka pesilipu. Yeye hata hasomi juu, akodolea macho ile 28,000 ya chini, aona tajiri, apandisha kodi. Na kodi yenyewe aitaka taslimu. Ukimwomba risiti, akuuliza, "Kwani hatuaminiani?"