Usianze kwa kufuta kache

Fomu ikigoma kwenye kivinjari kimoja na kukubali kwenye kingine, ushauri wa kwanza utakaopewa ni "futa kache". Naupinga. Kache, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari huzihifadhi, huwa na makosa mara nyingine, ila ushauri huu unakufanya ufute kabla hujajua tatizo liko wapi. Wengi hufuta kila kitu kwa mkupuo, vikiwemo vidakuzi vinavyokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti, kisha wanajikuta wametolewa kwenye akaunti zao zote na fomu bado haiendi.

Mimi naanza na dirisha fiche. Kwenye kompyuta ya Windows, Chrome na Edge hulifungua kwa Ctrl+Shift+N, Firefox kwa Ctrl+Shift+P. Dirisha hilo halitumii vidakuzi wala kache yako ya zamani, na viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, huwa vimezimwa humo isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Fomu ikigoma hata humo, ndipo kubadili kivinjari au kifaa kunapokuwa na maana.

Rafiki yangu alikuwa anaomba kazi. Alijaza kila kitu, akabofya "Wasilisha", kimya. Hakuna ujumbe, hakuna rangi nyekundu. Alikuwa ameshafuta kache na vidakuzi bila mafanikio, lakini kwenye dirisha fiche fomu ilikwenda mpaka hatua ya mwisho. Kwa kuwa data ya zamani ilikuwa imeshafutwa, tulivishuku viendelezi. Tulifungua `chrome://extensions`, tukazima vyote, kisha tukawasha kimoja kimoja, kila mara tukiipakia fomu upya. Kilichokwamisha kilikuwa kizuia matangazo: kilizuia hati, yaani msimbo unaoendesha kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na bila uthibitisho huo kitufe hakitumi chochote. Ukibonyeza F12 na kufungua kichupo cha Console, ambako kivinjari huandika makosa ya ukurasa, utaona alama yake:

```
net::ERR_BLOCKED_BY_CLIENT
```

Maana yake ni kwamba ombi limezuiwa ndani ya kivinjari chako, halikufika hata mtandaoni. Hakuna haja ya kukiondoa kiendelezi. Kizime kwa tovuti hiyo tu. Na kama viendelezi vyote vimezimwa na fomu bado inagoma, sasa futa data, lakini ya tovuti hiyo peke yake, kupitia alama iliyo kushoto mwa anwani. Kabla ya hapo nakili majibu yako marefu mahali pengine.

Kuhamia simu nako kuna hatari yake. Ikiwa kitufe kilizunguka muda mrefu kabla ya kukwama, huenda ombi lilifika, na ukijaza upya utatuma mara mbili. Angalia kwanza kama umepata barua pepe ya uthibitisho.

Lawama kubwa, kwangu, ni ya watengenezaji wa fomu. Hati moja ikikosa kupakiwa, ukurasa una uwezo wa kugundua na kuandika: "Uthibitisho umeshindwa kupakiwa, huenda kizuia matangazo kimeuzuia." Kumwachia mwombaji kitufe kisichosema neno, siku ya mwisho ya maombi, ni kumnyima nafasi.