Feni Iliyopitishwa na Kikao

Jamani wenzangu mnaoandika minitsi za vikao vya ubora hii mtanielewa. Mie ndo katibu kwenye kakiwanda kamoja hapa Unguja, tunapaki karafuu, hiliki na mdalasini, pakiti za gramu 100, na kila baada ya muda uongozi unakaa kuupitia mfumo mzima wa ubora kama kiwango cha ISO 9001 kinavotaka kwenye kifungu cha 9.3. Bosi wetu kikao hichi hakipendi hata kidogo, yeye anataka kiishe kabla ya adhuhuri akale kwake.

Tukaanza na ukaguzi wa ndani. Safi, mizani ina cheti, stika haijapitwa na muda, tiki. Bosi akanambia andika "matokeo mazuri sana". Nikaandika, ile "sana" nikaiacha.

Tukaja malalamiko, hapo ndo balaa. Duka moja la Mji Mkongwe limerudisha katoni nzima ya karafuu, wenyewe wamepima wakakuta pakiti nyingi zina 95, 96. Na si mara ya kwanza, maana kwenye faili lalamiko la kabla yake lipo, limefungwa, hatua iliyochukuliwa: "wapakiaji wamekumbushwa kuwa makini". Dada wa ubora akalisoma kwa sauti kisha akauliza, hivi chanzo kilikuwa nini? Kimya. Akasema basi hapa hatujarekebisha kitu, tumegombeza watu tu, na chanzo kama hakikutafutwa lalamiko litarudi, na ndo hili limerudi.

Bosi akajibu chanzo anakijua, uvivu, watu wakishakula wanasinzia. Na kweli bwana, yule dada alikuwa kazipanga zile pakiti kwa namba za bechi na zote pungufu zimepakiwa mchana, za asubuhi hazina tatizo. Bi Mkubwa wa chumba cha kupaki akaitwa, akaja na kanga yake begani, akasema "Baba, mie mkono wangu hauibi karafuu ya mtu, njooni muone wenyewe".

Tukaenda wote, mie na daftari langu nyuma. Joto la kaskazi lile, feni la kusimama limeinamishwa linageuza shingo huku na huku, watu wote tukajibana upande wa upepo. Bi Mkubwa akaweka pakiti, mizani ikasoma 96, feni likageuka ikaruka 101, ikashuka 97, ikapanda 100, hapo hapo akaibeba akaifunga. Bosi akashangilia, "Si hiyo mia! Tatizo liko wapi?" Akaweka ya pili, ikafika 100, kabla hajaiinua puu, umeme ukakatika.

Feni likazunguka kivivu likasimama. Mizani yetu inatumia betri, kwa hiyo haikuzima, namba ikashuka taratibu 99, 97, ikatua 96 na haikutikisika tena. Tukaitazama wote. Bi Mkubwa akasema "Lahaula, kumbe tunawauzia watu upepo".

Na cheti cha mizani si cha uongo, ilipimwa vizuri ila kwenye chumba hakina feni, na mkaguzi wetu alikagua karatasi, hakusimama akaangalia mtu anavopima. Asubuhi feni haliwashwi ndo maana bechi za asubuhi nzima.

Tukarudi kikaoni, dada wa ubora akauliza hili feni limekuja lini? Nikafunua minitsi za kikao kilichopita, kipengele cha rasilimali, nikasoma: "Linunuliwe feni moja la kusimama, chumba cha kupaki. Mpendekezaji: Mkurugenzi." Na lalamiko la kwanza limeingia wiki chache baadae. Bosi akauliza nani kaandika hivo. Nikamwambia mie, na sahihi hapo chini yako.

Maamuzi yakapita haraka baada ya hapo. Duka libadilishiwe mzigo, na za stoo za mchana zote zipimwe upya feni limezimwa, hilo la kuzima moto tu. La chanzo: mizani ihamie pembeni, ijengewe kibanda cha plastiki ngumu pande tatu na juu, na jiwe la gramu 100 liwekwe juu yake asubuhi na mchana, mchana feni likiwa linafanya kazi. Halafu kila bechi zipimwe pakiti kumi kwa mwezi mzima ndo lalamiko lifungwe, si kabla. Bosi alitaka feni liondolewe kabisa, Bi Mkubwa akamuuliza anapenda karafuu zenye jasho? Feni likabaki.

Mwisho bosi akanivuta pembeni, "Yakhe, pale kwenye chanzo huwezi kuweka hali ya hewa?" Dada wa ubora kasikia, akasema kwa sauti hali ya hewa haina swichi. Nikaandika "feni", bosi akatia sahihi, akaondoka kula kwake, na saa ya chakula ishampita zamani.