Seva au wingu? Kwanza niambie bakapu inalala wapi

Limeniudhi hili. Dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, anayekopesha mafundi na kutunza majina yao, simu, namba za NIDA na madeni, aliuliza swali la maana kabisa: kumbukumbu hizi zitakuwa salama zaidi kwenye seva ya hapa ofisini au kwenye wingu, yaani mashine za kampuni nyingine unazozifikia kwa intaneti? Fundi wake wa kompyuta akamwambia anunue seva, mali yake iwe mkononi mwake. Muuza huduma akamwambia wingu haliibiwi. Hakuna aliyemuuliza bakapu, yaani nakala ya akiba, inakaa wapi.

Inakaa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile, mchana na usiku. Siku muuzaji akifungua ankara feki kwenye barua pepe, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa kitafunga kila diski kinayoiona, na bakapu imo. Mwizi naye atabeba vyote, maana viko meza moja.

Lakini wingu nalo lisisifiwe bure. Folda inayojilandanisha na wingu si bakapu: faili likiharibika dukani, baada ya muda mfupi nakala ya wingu inaharibika vilevile. Kinachookoa hapo ni matoleo ya zamani ya faili, nayo yana ukomo. Google Drive, kwa faili la Excel ulilolipakia, kwa kawaida hutunza matoleo ya zamani kwa siku 30 au hadi matoleo 100. Ukigundua baada ya miezi miwili kwamba madeni yamefutwa, umechelewa.

Kwa duka la ukubwa ule mimi nachagua wingu, pamoja na diski mbili za nje zinazopokezana. Moja ikichukua nakala, nyingine iko nyumbani, imechomolewa na imefungwa kwa nenosiri kupitia BitLocker ya Windows. Kisha kila mwezi fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, chagua mteja mmoja, linganisha deni lake na risiti za karatasi. Isipofunguka, huna bakapu, hata kama mashine imekuwa ikiandika kila usiku kwamba kazi imekamilika.

Sikatai, intaneti ikikatika seva ya ofisini inaendelea kufanya kazi.

Akaunti kuu iwe kwa jina na simu ya mwenye duka, si barua pepe ya fundi. Kila muuzaji awe na yake, ifungwe siku anapoacha kazi, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe.

Na dada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika tangu Mei 2023 haikuondolei wajibu kwa sababu umemkabidhi mtu mwingine kazi ya kutunza. Ina masharti pia ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize huyo muuza huduma: taarifa za wateja wangu zitakaa nchi gani, na nikitaka kuhama, nitazipata kwa faili gani na ndani ya siku ngapi? Akupe jibu kwa maandishi.